Jina la cheti si la pasi: maswali yenu

"Cheti changu cha digrii kinasema Fatma Ali Khamis, pasi inasema Fatuma Ali Khamis Juma. Naomba digrii itambuliwe Ujerumani. Nibadilishe kipi?" (F., Wete)

Kwanza kitoe cheti cha kuzaliwa ukiweke mezani pamoja na hivyo viwili. Kama pasi ndiyo iliyokosewa, isahihishwe pasi. Kama vyote vinamtaja mtu yule yule, ila mwalimu aliyekuandikisha skuli alikata jina la babu wa baba na kukupunguzia "u", basi usiguse chochote.

Shida yenyewe iko hapa: sisi tunasoma Fatma binti Ali wa Khamis, lakini mwenzetu wa Bonn, kwenye ofisi ya ZAB inayolinganisha digrii, anasoma jina la mwisho. Kwake Khamis na Juma ni koo mbili. Kwa hiyo nenda kwa wakili uape hati ya kiapo yenye majina yote mawili, herufi kwa herufi, namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili wa chuo, na sababu ya tofauti. "Mimi ndiye huyo huyo" peke yake haitoshi.

Kiapo ni kauli yako mwenyewe, na ofisi nyingine hukitilia shaka kwa sababu hiyo. Kiongezee barua ya msajili wa chuo yenye muhuri, inayosema kuwa mhitimu mwenye namba fulani ya usajili ndiye mwenye pasi fulani. Mimi naithamini barua hii kuliko kiapo, maana mwandishi wake hana maslahi na safari yako.

"Wakili ananiambia nifanye hati ya kubadili jina. Si ndiyo nzito zaidi?" (S., Mkoani)

Nzito ndiyo, lakini ina kazi nyingine. Inasema uliacha jina moja ukashika jingine, na baada yake kitambulisho na pasi navyo vitapaswa kulifuata. Wewe hujabadili jina, umeandikwa vibaya tu. Ukiifanya bila haja, unajizalia jina la tatu la kulieleza.

"Fomu ya mtandaoni inataka jina la ukoo. Sisi tunalo wapi?" (K., Chake Chake)

Lisome kwenye pasi, chini ya picha, kwenye ile mistari ya alama. Kwa pasi ya Fatuma wa swali la kwanza ungeona hivi:

```
P<TZAJUMA<<FATUMA<ALI<KHAMIS
```

Baada ya TZA hadi alama mbili `<<` ndilo jina la ukoo, na yaliyobaki ni ya kwako. Jaza hivyo hivyo, hata kama Juma hujawahi kuitwa. Jina la cheti liweke kwenye kisanduku cha majina ya zamani au mengine. Wengi hukiacha kitupu, halafu faili hurudi likiuliza Khamis ni nani.

"Nimetumia jina la mume kwenye pasi." (Bi M., Unguja)

Kwako ni rahisi: cheti cha ndoa na tafsiri yake, kiapo hukihitaji.