Mkazo wa 'record' na 'present'

*"Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu kuna mgeni anayeongea Kiingereza. Neno 'record' mara analitamka RE-kod, mara ri-KOD, na 'present' vivyo hivyo. Nilidhani ni lafudhi, lakini ni mtu yuleyule mmoja. Kuna kanuni hapo? Na mbona sisi 'rekodi' tunaitamka namna moja tu?"* (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Sikio lako halijakudanganya. Mkazo ukikaa mwanzoni, mgeni wako anataja kitu: RE-kod ni kumbukumbu iliyowekwa, sahani ya santuri, au rekodi ya mkimbiaji. Ukihamia silabi ya pili, anataja tendo: ri-KOD ni kuandika au kunasa sauti. PRE-zent ni zawadi, au wakati uliopo. Pri-ZENT ni kukabidhi au kuwasilisha. Ile "present!" ya wanafunzi wakati wa kuita majina ni kivumishi, maana yake nipo, na chenyewe hufuata mkondo wa nomino.

Chukua sentensi hii: *Keep a record of what you record.* Tunza kumbukumbu ya unachorekodi. Neno ni lilelile mara mbili, herufi kwa herufi, lakini la kwanza linafuata 'a', basi ni kitu: RE-kod. La pili linafuata 'you', mtenda, basi ni tendo: ri-KOD. Mwambie mgeni wako aisome kwa sauti, nawe umsikilize.

Utakachosikia ni zaidi ya sauti kupanda. Waswahili wengi wakiambiwa waweke mkazo huongeza nguvu kwenye silabi moja na kuiacha nyingine kama ilivyo. Kwa Kiingereza kazi kubwa iko kwenye ile nyingine: inafifishwa. Katika 'present' ya zawadi, irabu ya mwisho karibu imezwe yote, neno linatoka kama PREZ-nt. Katika 'present' ya kuwasilisha, ile *e* ya mwanzo inasinyaa na kuwa *i* fupi isiyo na nguvu. Sisi tuna irabu tano, na kila moja hutamkwa kamili popote ilipo. Hatuna desturi ya kumeza irabu. Ndiyo maana Mswahili anaweza kuupatia mkazo mahali pake na bado asieleweke upesi: kasema PRE-ZENT, silabi zote mbili zimenona, na msikilizaji hajui ashike ipi. Ukitaka kujizoeza, usipaze sauti. Fupisha silabi dhaifu, ile yenye mkazo itajitokeza yenyewe.

Sasa rekodi yetu. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida hauangalii maana, unahesabu kutoka nyuma: silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Tulipolichukua neno hili tukalitia *i* mwishoni, likawa re-KO-di. "Amevunja rekodi" na "amerekodi wimbo" zote zina KO, na anayetuambia lipi ni tendo ni viambishi *a-* na *-me-* vilivyotangulia. Ongeza silabi nyuma, mkazo unasogea bila kubadili maana ya shina: i-me-re-ko-DI-wa. Kwa Kiingereza 'record' ya kitenzi hubaki na mkazo wake palepale hata ikiongezwa mkia: ri-KO-ding, ri-KO-da. Hata mtangazaji ni pri-ZEN-ta, kwa sababu ametokana na kitenzi, ingawa yeye mwenyewe ni nomino.

Hapo ndipo tunapoteleza. Re-KO-di ya Kiswahili ina mkazo uleule wa kitenzi cha Kiingereza. Mtu aliyelizoea neno kwa umbo letu, akienda kusema kuhusu rekodi ya dunia kwa Kiingereza, hulitamka kama kitenzi, na haoni kosa maana ndivyo alivyolisikia tangu utotoni.

Mara nyingi hilo halileti madhara, kwa kuwa maneno ya jirani humwokoa msikilizaji. Shida ni pale jirani hawapo. Miaka ya nyuma niliombwa kusoma ajenda ya Kiingereza kwenye mkutano wa usafi wa mji mmoja, na kipengele cha tatu kilikuwa *Refuse collection*. Nikasoma ri-FYUZ. Mgeni aliyekuwa pembeni yangu akainua kichwa akauliza, kwa upole kabisa, nani anakataa na anakataa nini. Ri-FYUZ ni kukataa. Taka ni REF-yus, mkazo mwanzoni na *s* mwishoni badala ya *z*. Kipengele kilihusu ukusanyaji wa taka, na kwa kuwa ni kichwa cha habari hakikuwa na 'the' wala 'to' ya kunisitiri.

Jozi za namna hiyo, ambazo maana zimeachana mbali, ndizo za kukariri kwanza. KON-trakt ni mkataba, kon-TRAKT ni kusinyaa au kuambukizwa ugonjwa. DE-zat ni jangwa, di-ZAT ni kutoroka na kutelekeza. OB-jekt ni kitu, ob-JEKT ni kupinga. Nyingine hata si nomino na kitenzi: KON-tent ni yaliyomo, kon-TENT ni kivumishi cha mtu aliyeridhika.

Utaona nyingi zinaanza na *re-*, *pre-*, *con-*, *ob-*. Viambishi hivyo vimetoka Kilatini, vingi vikipitia Kifaransa. Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia yake tayari: kiambishi cha mbele kikiwa kwenye nomino kilibeba mkazo, kwenye kitenzi mkazo ulibaki kwenye shina. Maneno ya kigeni yaliingizwa katika desturi hiyo, tena polepole. Kamusi ya vina ya Peter Levins ya mwaka 1570 inaonyesha jozi tatu tu: 'outlaw', 'rebel', na hiyo 'record' yako. Kufikia 1934 zilikuwa zimefika kama 150.

Kwa sababu zilikuja moja moja, hazikuyafikia maneno yote, na hili ndilo linalowaangusha wanaoishika kanuni kwa nguvu mno. 'Report', 'control', 'support' na 'respect' mkazo wake ni wa mwisho, iwe nomino iwe kitenzi. 'Visit', 'answer', 'promise' na 'offer' mkazo ni wa mwanzo daima. Nimewahi kumsikia mwanafunzi mzuri, aliyejifunza kanuni wiki hiyohiyo, akisema RI-pot kwa ripoti. Kanuni aliijua, neno hakuwahi kulisikia. Mengine wenyewe bado hawajakubaliana: 'address' ya anwani Waingereza husema a-DRES, Wamarekani wengi AD-res. Neno jipya usiliotee. Lifungue kwenye kamusi, kuna kialama kidogo kilichosimama kama ukucha, nacho katika kamusi nyingi huwekwa *kabla* ya silabi yenye mkazo, si baada yake.

Na usidhani Kiswahili hakijui mchezo huu kabisa. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari; ba-RA-ba-ra ni sawasawa, vilivyo. Wa-la-KI-ni ni dosari, wa-LA-ki-ni ni kiunganishi, sawa na lakini. Tunavyo vichache tu, na wala havitenganishi kitu na tendo, ila siku ukimfundisha mgeni wako "kazi imefanyika barabara", msikilize anavyoitamka. Kuna uwezekano mkubwa atakuambia kazi imefanyika njiani.