Marejesho yameidhinishwa, hela iko wapi?

Siku ya tatu baada ya kutuma ritani yangu ya kodi, nilikuwa nimeshaingia kwenye akaunti ya mtandaoni mara kumi na nne. Najua idadi kwa sababu akaunti huweka kumbukumbu kila mara mtu anapoingia, na siku nilipoifungua orodha hiyo nilijionea aibu mwenyewe. Mara zote kumi na nne neno lilikuwa lilelile: "Inachakatwa". Hela ya marejesho, yaani kodi niliyokatwa zaidi, ilikuja kuingia benki siku ya 71, na katikati hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nakodolea macho ukurasa ambao haukuwa na la kuniambia.

Akaunti ya kodi kwa kawaida ina sehemu mbili zinazogusa marejesho. Ipo ile ya hali ya maombi, ambayo ina maneno matatu manne tu: imepokelewa, inachakatwa, imeidhinishwa, imelipwa. Halafu ipo nyingine, mara nyingi imefichwa chini ya menyu, yenye jina kama taarifa ya akaunti au leja. Hiyo ni daftari halisi: kila kiasi kilichoandikwa kwa jina lako, tarehe yake, na salio. Ile ya kwanza imewekwa ili watu wasipige simu. Ya pili ndiyo inayotumiwa na ofisa anayeshughulikia faili lako, na ukijua kuisoma utajua umekwama wapi kabla hujaandikiwa barua.

Ili kuisoma, kumbuka kwanza kwamba daftari si lako, ni la mamlaka ya kodi. Kwa hiyo namba isiyo na alama ni pesa unazodaiwa, na namba yenye alama ya kutoa mbele yake, au iliyotiwa kwenye mabano, ni pesa unazowadai wao. Rafiki yangu mmoja aliona alama ya kutoa kwenye salio lake akalala na wasiwasi usiku kucha, kumbe alikuwa anaangalia hela yake.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Mwaka ule nilibadilisha kazi, na kati ya kazi ya kwanza na ya pili nikakaa miezi miwili bila mshahara. Kodi ya mshahara hukatwa kila mwezi kana kwamba utalipwa kiasi hicho mwaka mzima. Ukikosa miezi miwili, kipato chako cha mwaka kinashuka, lakini makato yalishafanyika kwa kiwango cha mtu wa miezi kumi na miwili. Ndiyo maana nilikuwa nimezidisha. Mwajiri wa kwanza alikata 31,400, wa pili 22,600, jumla 54,000. (Sarafu haina umuhimu hapa, hesabu ni ileile.) Kodi yangu halali kwa mwaka ilikuwa 42,500. Nikadai nirudishiwe 11,500.

Wiki ya kwanza sikuwa na hofu. Wiki ya pili nikafanya kosa ambalo naona watu wengi wanalifanya: nilitaka kutuma ritani upya, nikidhani ya kwanza imepotea. Bahati nzuri dada mmoja niliyesoma naye, ambaye ni mhasibu, alinizuia. "Ukituma ya pili, mashine itaona watu wawili wanadai hela moja," akaniambia. "Itazitoa zote mbili kwenye foleni, zisubiri mtu wa kuzisoma kwa macho." Akaniuliza leja inasemaje. Sikujua kama kuna leja.

Tuliifungua siku ya 19. Mistari ilikuwa miwili tu. Kodi ya mwaka 42,500. Makato ya mshahara -22,600. Salio: 19,900. Yaani kwa macho ya mfumo, mimi niliyekuwa nangoja 11,500 nilikuwa mdaiwa wa 19,900!

Dada yule hakushtuka. Alichukua kikokotoo akajumlisha 19,900 na 11,500. Jibu ni 31,400, ambayo ni namba ileile iliyo kwenye cheti cha makato cha mwajiri wangu wa kwanza, bila kuzidi wala kupungua hata moja. Kama pengo kati ya unachodai na kinachoonekana kwenye leja linalingana kabisa na cheti kimoja, tatizo haliko kwenye hesabu zako. Ni kwamba cheti hicho hakijafika kwenye jina lako. Pengo likiwa na namba isiyofanana na cheti chochote, hapo ndipo ukague ritani yako: huenda ulikosea kujaza, au ulidai nafuu ya kodi ambayo mfumo umeikataa.

Hapa ndipo wiki nyingi zinapoishia, kwa hiyo acha nikae kidogo. Ritani ni maelezo yako wewe. Mamlaka ya kodi hailipi kwa maelezo yako peke yake. Inangoja maelezo ya upande wa pili, yaani orodha ambayo kila mwajiri anawasilisha ikionyesha alimkata nani na kiasi gani. Vitu hivi viwili vinafika kwa nyakati tofauti. Anayewahi kutuma ritani huweza kukaa "Inachakatwa" kwa sababu tu mwajiri wake bado hajawasilisha. Na hata akiwasilisha, mfumo unaunganisha kwa namba ya mlipa kodi, si kwa jina. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa amewasilisha mapema sana, ila alipindua tarakimu mbili za namba yangu. Makato yangu yalikuwa kwenye mfumo muda wote, yameelea bila mwenyewe.

Nilimwandikia mhasibu wa kazi ya zamani, nikaambatanisha cheti nilichopewa na picha ya namba yangu sahihi. Kurekebisha kwake kulimchukua nusu saa, kunijibu kulimchukua siku tisa. Siku ya 33 mstari mpya ukaonekana: -31,400. Salio likageuka kuwa -11,500. Na kule kwenye ukurasa wa hali? "Inachakatwa", vilevile.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa ambayo haionekani kwenye leja. Wezi wa mtandaoni hupenda marejesho ya kodi, kwa sababu anayeijua namba yako anaweza kutuma ritani ya uongo kabla yako na kuweka akaunti yake ya benki. Kwa hiyo mifumo huchuja. Umebadilisha akaunti ya benki mwaka huu, au unadai kiasi kikubwa kuliko miaka yote iliyopita? Faili linawekwa pembeni mpaka utambulisho uthibitishwe. Mara nyingi unaandikiwa barua, na saa haitembei hadi uijibu. Ndiyo maana nashauri uangalie kisanduku cha ujumbe ndani ya akaunti, pamoja na anwani ya posta uliyosajili, kuliko kubonyeza ukurasa wa hali.

Marekani ni mfano mzuri wa jinsi leja inavyoongea kuliko ukurasa wa hali. Ukurasa wao wa marejesho, unaoitwa Where's My Refund?, unahuishwa mara moja kwa siku, usiku, kwa hiyo kuufungua mara kumi mchana ni kujichosha. IRS, mamlaka yao ya kodi, husema marejesho mengi ya ritani zilizotumwa kwa mtandao hutoka ndani ya siku 21. Lakini leja yao ina namba za siri kidogo: 806 ni makato ya mshahara yaliyoingizwa, 570 ni kwamba faili limezuiwa, 971 ni kwamba kuna barua imetumwa, na 846 ni kwamba marejesho yametolewa. Mtu mwenye 570 anaweza kuendelea kusoma "inachakatwa" mwezi mzima bila kujua kwamba kuna kizuizi. Tena kwa sheria yao ya mwaka 2015, wanaodai nafuu fulani za wenye kipato kidogo na za watoto hawalipwi kabla ya katikati ya Februari, hata wakituma ritani siku ya kwanza.

Nirudi kwangu. Siku ya 40 hali ikabadilika: "Imeidhinishwa". Nikafurahi, kisha nikaona kiasi ni 10,600. Leja ilikuwa na jibu: mstari wa 900, faini ya kuchelewesha ritani miaka mitatu nyuma, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Kabla ya kukulipa, mfumo hupitia miaka yako yote na aina zote za kodi, na deni lolote hukatwa hapo. Kama huoni mstari wa namna hiyo na bado kiasi kimepungua, basi wamebadilisha hesabu ya ritani yako, na hilo ni suala la kupinga kwa maandishi kabla muda wa pingamizi haujaisha.

Siku ya 43: "Imelipwa". Salio: 0. Benki: hakuna kitu.

Hapo nilikuwa tayari kumlaumu mtu. Lakini sifuri kwenye leja ya kodi maana yake ni moja tu, kwamba hela imetoka kwenye daftari lao. Ofisi inayokagua kodi kwa kawaida siyo inayoshika fedha. Inapeleka agizo kwa hazina, hazina inakusanya maagizo kwa mafungu, fungu linakwenda benki kuu, ndipo linafika benki yako. Kila kituo kina siku zake za kazi. Kwa hiyo siku tatu hadi kumi baada ya "Imelipwa" si ajabu.

Mimi niliendelea kufungua leja, safari hii mara moja kwa siku. Siku ya 54 ile alama ya kutoa ikarudi: -10,600. Hela ilikuwa imefika benki, benki ikaikataa kwa sababu jina la akaunti niliyoiandika lina jina la mume wangu, na jina la mlipa kodi ni lile la ukoo wangu. Ukurasa wa hali bado ulikuwa unasema "Imelipwa", na ulisema hivyo hadi mwisho. Ningekuwa naufuata huo ningekuwa nagombana na benki ambayo haikuwa na hela yangu.

Niliweka namba ya akaunti yangu ya zamani, yenye jina langu la ukoo, nikapakia barua ya benki ya uthibitisho. Kwenye leja pakatokea mstari mpya wa malipo siku ya 66, salio likawa sifuri tena, na siku ya 71 simu ikalia nikiwa napiga pasi: 10,600. Tangu hapo, kila Januari nawaomba waajiri wanisomee namba yangu ya mlipa kodi kwenye simu, tarakimu moja moja. Wanaona nasumbua.