Pistoni haipati kiharusi

*Mwalimu, shikamoo. Nina Toyota Ist. Kadi ya gari inasema injini ni 1490, aliyeniuzia alisema 1500, na mtandaoni nimekuta 1496. Hapo hapo mtandaoni pameandikwa "kuchosha 75, kiharusi 84.7, mitungi 4". Sijaelewa hata neno moja. Hicho ni Kiswahili sahihi? Na hiyo 1496 inatoka wapi?*
Msomaji, Morogoro

Marahaba. Hicho si Kiswahili sahihi, na katika maneno hayo matatu limo moja ambalo nimelikuta mara nyingi mno, hata siwezi tena kulinyamazia.

"Mitungi" tulipitishe. Mtungi ni wa maji au wa gesi, na gereji yoyote utakayoingia utasikia silinda, neno ambalo limeshakuwa letu. "Kuchosha" ni kosa la mtu asiyejua alichokuwa anafasiri: Kiingereza kina neno moja la kutoboa tundu na la kumchosha mtu kwa maneno marefu, naye akachukua la pili. Kilichokusudiwa ni upana wa tundu la silinda, na kwa hilo tuna kipenyo. Neno hili limetokana na kupenya, yaani mstari unaopenya duara kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ukipitia katikati. Kila mtoto aliyesoma hesabu za shule ya msingi analijua.

Lakini kiharusi! Kiharusi ni maradhi. Aliyepatwa nayo mkono hauinuki, mguu anauburuta, mdomo umekwenda upande. Nani kati yetu hana mzee nyumbani au jirani aliyelala miezi kitandani kwa kiharusi? Sasa Kiingereza hutumia neno lile lile la maradhi hayo kwa mwendo mmoja wa kitu kinachokwenda na kurudi, kama kasia, msumeno au pistoni. Mfasiri akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoiona, akaendelea na safari yake. Matokeo yake, kipande cha injini ambacho hakitulii kimepewa jina la ugonjwa wa kutoweza kutembea. Injini yako ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka jumla ya mita zaidi ya 500 katika dakika hiyo moja. Hicho ndicho tunachokiita kiharusi?

Na haliishii kwenye magari. Nimeshika mkononi kijitabu cha pikipiki kilichoandikwa "injini ya viharusi vinne". Kijana wa bodaboda anayekisoma ataelewa nini? Mafundi wetu walishasema mipigo minne zamani, na walisema vizuri. Pistoni inashuka ikivuta hewa na mafuta, inapanda ikibana, inashushwa na mlipuko, inapanda tena ikitoa moshi. Hiyo ni mipigo minne, ihesabu.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe makini zaidi ya mfasiri, kwa sababu hata "mpigo" peke yake hautoshi kwenye ile 84.7. Mpigo ni tendo, na tendo halipimwi kwa milimita. Kinachopimwa ni umbali ambao pistoni inasafiri kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Basi tuseme urefu wa mpigo, au kwa kifupi mwendo wa pistoni. Ukisema hivyo, hata aliyekuwa hajawahi kuiona injini kwa ndani anajua aweke rula wapi.

Niliwahi kusimama kwenye gereji siku ambayo fundi alikuwa amefungua kichwa cha injini kama yako. Matundu manne yalikuwa mstari mmoja, na ndani ya kila tundu kulikuwa na pistoni yenye masizi juu. Akaingiza rula ya venia kwenye tundu la kwanza, akasoma milimita 75. Kisha akachukua spana, akaizungusha polepole krenki, ile shafti inayopandisha na kushusha pistoni, hadi pistoni ikafika juu kabisa, akapima ilipo kutoka usawa wa bloku. Akazungusha tena nusu mzunguko, pistoni ikazama hadi chini, akapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ilikuwa milimita 84.7. Urefu wa konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, hakuugusa kabisa, na alikuwa na haki, kwani mwendo wa pistoni unaamuliwa na krenki. Kile kiwiko cha krenki kimetoka milimita 42.35 nje ya mhimili wake, na mara mbili yake ndiyo 84.7.

Ukishakuwa na maneno mawili yaliyonyooka, kipenyo na mwendo, hesabu inajisema yenyewe. Pistoni inaposhuka inaacha nafasi wazi yenye umbo la kopo. Unatafuta kopo hilo linachukua kiasi gani, kisha unazidisha kwa idadi ya silinda. Geuza milimita ziwe sentimita kwanza, maana jibu tunalitaka kwa sentimita za ujazo:

```
7.5 × 7.5 × 0.7854 = 44.18
44.18 × 8.47       = 374.2
374.2 × 4          = 1496.8
```

Ile 0.7854 ni pai iliyogawanywa kwa nne, na iko hapo kwa sababu tumetumia kipenyo. Mstari wa kwanza ni eneo la uso wa pistoni, wa pili ni ujazo wa silinda moja, wa tatu ni wa injini nzima. Anayesahau kugawanya kwa nne, akazidisha kipenyo chote kwa pai, atapata karibu 5987 na kudhani amenunua lori. Anayesahau kugeuza milimita atapata karibu milioni moja na nusu. Makosa haya mawili yanajitangaza yenyewe, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Sasa hizo namba zako tatu. Hesabu inatoa 1496.8. Toyota kwa soko la Japani hukata kinachozidi na kuandika 1496, ilhali kwa masoko mengine hukadiria kwenda juu na kuandika 1497. Hati za usajili za Japani huandika ujazo kwa lita, tarakimu mbili baada ya nukta, na zinazobaki hukatwa, hivyo 1.496 inabaki 1.49. Karani wa huku akiigeuza anapata 1490, ndiyo iliyo kwenye kadi yako. Aliyekuuzia naye alisema namba ya mviringo ya sokoni. Wote watatu wanazungumzia injini ile ile, na hakuna aliyekudanganya. Ist yenye injini ndogo ina kipenyo hicho hicho cha 75, ila mwendo wa pistoni ni 73.5. Piga hesabu utapata karibu 1299, na kwenye kadi za wenzako utakuta 1290.

Kumbuka kuwa hesabu hii inachukua nafasi ambayo pistoni inapita tu. Kile kichumba kinachobaki juu yake ikiwa imefika mwisho, mahali ambapo plagi inapiga cheche, hakimo. Na ujazo unabadilika silinda zikichongwa. Injini iliyochakaa ikipelekwa kuchongwa, ikafungwa pistoni za ovasaizi 50, yaani zilizozidi nusu milimita, kipenyo kinakuwa 75.5, na hesabu inatoa karibu 1517. Kadi itaendelea kusema 1490, lakini ndani zimeongezeka sentimita za ujazo 20.

Umeuliza kwa heshima, na hukutumia neno lingine linaloniuma. Nalisema kwa ajili ya wanaoandika matangazo ya magari: "nguvu ya injini: cc 1490". Hiyo si nguvu. Ni ujazo, kutokana na jaa na jaza, yaani kiasi kinachojaa ndani. Ndoo ya lita 20 haina nguvu za lita 20. Ushuru wa forodhani unapopanda gari likivuka 1000 au 2000, kinachotazamwa ni ujazo huu. Nguvu hupimwa kwa kilowati au kwa nguvu za farasi, nayo haitoki kwenye kipenyo na mwendo peke yake.

Ushahidi uko kwenye familia ya injini yako mwenyewe. Injini ya Ist yako ni 1NZ-FE. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, ina 1NZ-FXE. Kipenyo ni 75, mwendo ni 84.7, silinda ni nne, ujazo ni 1496. Ya Ist inatoa karibu nguvu za farasi 110, na ya Prius, ukiacha ile mota yake ya umeme, inatoa 77. Kwenye Prius, vali za kuingizia hewa huchelewa kufungwa, pistoni ikawa imeshaanza kupanda na sehemu ya hewa imerudishwa ilikotoka. Kopo ni lile lile, ila halijazwi hadi juu, kwa makusudi, ili mafuta yatumike kidogo. Anayeandika "nguvu 1496" kwenye magari haya mawili atuambie ni nguvu ipi.

Kwa hiyo wewe andika: kipenyo cha silinda milimita 75, mwendo wa pistoni milimita 84.7, silinda 4, ujazo sentimita za ujazo 1496. Ukiwa mbele ya fundi ukasema "sisi elfu moja mia tano", sina ugomvi na wewe. Zile herufi mbili, cc, husomwa hivyo kuanzia gereji hadi bandarini, na kila mtu anaelewa. Nilishawahi kulipinga, nikaliacha.