Saa mpya za kuona wagonjwa na foleni mpya: maswali ya watumishi

“Mkuu ametangaza kwenye kikao cha asubuhi, sisi wa zamu ya usiku tumeshatoka. Usiku ndugu wa wagonjwa wanatugombeza sisi.”

Tangazo hilo lirudiwe kila zamu zinapokabidhiana, asubuhi, mchana na usiku, kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kutumika. Liandikwe pia kwenye kitabu cha ripoti cha kila wodi. Na tafadhali, mlinzi wa getini aitwe kikaoni. Yeye ndiye anayeulizwa kwanza, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa.

“Kwa nini ndugu wasiingie wakati wa raundi? Wao ndio wanaomjua mgonjwa.”

Kwa sababu daktari anapozungumza na mgonjwa wa kitanda cha tatu, mgeni wa kitanda cha nne anasikia yote. Ndugu mwenye jambo la kueleza aonane na daktari baada ya raundi. Mama anayemuuguza mwanawe si mgeni, na ndugu wa mgonjwa mahututi wasifungwe na saa. Ruhusa hizo azitoe muuguzi kiongozi wa zamu, asiachiwe mlinzi kuamua.

“Namba tunazitoa kwa haki, aliyewahi anatangulia. Mbona ugomvi hauishi?”

Piga hesabu. Watu 60 wamefika saa 1 asubuhi. Madaktari wawili wanaanza saa 2, kila mgonjwa dakika 10, yaani watu 12 kwa saa. Wa mwisho atatoka karibu saa 7 mchana, baada ya kukaa saa sita. Kesho yake atakuja saa 11 alfajiri, na wenzake vilevile. Foleni inakuwa ndefu zaidi ilhali kazi ni ileile. Wape wagonjwa wasio na dharura namba zenye saa: 12 waje saa 2, 12 saa 3, na kuendelea.

Lakini kabla ya namba yoyote, muuguzi awatazame wote. Anayehema kwa shida, mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au anayetokwa damu nyingi apelekwe dharura moja kwa moja, bila namba. Muuguzi apite tena kila nusu saa, maana mtu aliyefika akitembea anaweza kuzidiwa akiwa kwenye benchi. Waliokaa waelezwe kwa nini yule katangulia. Nimeona kelele nyingi zikizimwa na sentensi hiyo moja.

“Aliyerudi na majibu ya maabara aanze foleni upya?”

Hapana, ila asipenye mlangoni pia. Wakiingia wapya wawili, aingie mmoja mwenye majibu. Kwa hiyo katika kila saa ya watu 12, gawa namba 8 tu kwa wapya, na 4 zibaki wazi. Saa ya kwanza, kabla majibu hayajaanza kutoka, unaweza kuzigawa zote.