Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia

Swali: Nina mada ya dakika 40 kwa wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma. Hoja tatu nazitaja mwanzoni kabisa, lakini tukifika katikati nawasikia wanaulizana, "Hapa yuko kwenye ipi?"

Jibu: Nimesoma maandishi uliyonitumia. Mwanzo hauna shida: kupogoa, ugonjwa wa ubwiri, soko. Shida iko kwenye viungo. Kutoka kupogoa kwenda ubwiri umeandika "Vilevile, ubwiri..." Anayesikia "vilevile" anajua bado tuko palepale, tunaongezea tu. Basi ubwiri wameupokea kama kipande cha kupogoa. Halafu ndani yake ukaanza tena "kwanza, pili", na mkulima aliyekuwa anahesabu kwa vidole hajui tena hiyo "pili" ni ya wapi.

Funga kabla ya kufungua. Sema hivi: "Kupogoa tumemaliza: tumeona tawi la kukata na la kuacha. Sasa tunaingia jambo la pili, ubwiri, maana hata mzabibu uliopogolewa vizuri unaweza kuugua." Kisha nyamaza sekunde mbili. Hata aliyetoka kupokea simu akirudi, hapo atatukuta.

Namba ziachie hoja zile tatu tu. Vya ndani viite kwa majina: "dalili zake", "dawa", "siku za kunyunyizia". Na "pia" na "vilevile" zibaki humohumo ndani ya hoja, zisikuvushe mpaka.

Swali: Mimi napenda kuchomekea mifano. Nikitoka nje ya mada, kurudi ndiyo kazi. Nasema "turudi kwenye mada" lakini naona bado wamepotea.

Jibu: Turudi wapi? Mada ni pana. Wazungumzaji wengi hufungua mabano hadharani, ila kuyafunga wanasahau. Wewe fungua: "Nifungue mabano kidogo, nieleze yaliyomkuta mkulima mmoja wa Mpwapwa." Ukimaliza: "Nafunga mabano. Nilikuwa nasema mnunuzi anapima sukari ya zabibu kabla ya kutaja bei." Yaani rudia ile sentensi uliyoiacha njiani, karibu neno kwa neno. Mfano ukizidi dakika tatu, hayo si mabano tena. Upe nafasi yake kwenye mpangilio.

Swali: Slaidi zangu zina vichwa vya habari na namba. Bado nitamke?

Jibu: Tamka. Aliye nyuma ya nguzo haoni, na umeme ukikatika slaidi zinaondoka nao.

Swali: Nikisema "kwa kumalizia" darasani, wanafunzi wenzangu wanafunga madaftari, wakati bado nina dakika kumi.

Jibu: Wanakuamini, ndiyo maana. Kwa hoja ya mwisho sema "jambo la tatu, ambalo ndilo la mwisho", na "kwa kumalizia" iweke akiba mpaka zibaki sentensi tatu nne. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi mmoja hapa Dodoma, msemaji akaitamka mara tatu. Mara ya tatu mwenyekiti alikuwa ameshasimama, kipaza sauti mkononi, anamshukuru.