Kugeuza sentensi kuwa kauli ya kutendwa: chaguo zote zinafanana

"Wakuu, swali linasema nigeuze 'Juma alikuwa akiukata mti kwa shoka' kuwa kauli ya kutendwa. Nimechagua 'Mti ulikatwa na Juma kwa shoka', nikakosa. Kosa liko wapi?"

Kosa liko kwenye wakati, ndugu yangu. Mtenda umemweka sawa. "Alikuwa akiukata" ni kazi iliyokuwa bado inaendelea, ilhali "ulikatwa" inasema mti umeshamalizwa. Jibu ni "Mti ulikuwa ukikatwa na Juma kwa shoka."

Mimi huanza kwa kupigia mstari viambishi vya wakati: -li- na -ki-. Vyote viwili lazima uvikute kwenye jibu. Kinachobadilika ni a- ya Juma kuwa u- ya mti, -u- ya mtendwa inaondoka kwa sababu mti sasa ndio kiima, na kabla ya irabu ya mwisho inaingia -w-. Chaguo lenye "ulikuwa umekatwa" pia linaanguka hapo, maana -me- haikuwepo.

Halafu tazama mtenda. Juma anafuata "na", shoka linabaki na "kwa". Ukiona "kwa Juma kwa shoka", ruka.

Mtego ninaouchukia zaidi ni "Mti ulikuwa ukikatika". Wakati uko sahihi kabisa, lakini hiyo ni kauli ya kutendeka, haina nafasi ya mtenda. Hatusemi "ulikatika na Juma".