Kabla hujawasha Minecraft tena, nakili latest.log

Wewe unayeanza usimamizi wa seva ya Minecraft, utaletewa sana malalamiko ya vitisho kwenye chati, pamoja na skrinshoti zilizokatwa nusu. Mwambie mlalamikaji aachane nazo. Toleo la Java huandika chati yote kwenye kompyuta yake, hata kama ameifuta kwenye skrini kwa F3+D. Kwenye Windows abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha aandike:

```
%APPDATA%\.minecraft\logs
```

Humo kuna `latest.log`. Mistari ya chati ina neno CHAT, mfano huu:

```
[21:14:07] [Render thread/INFO]: [CHAT] <Fulani> nakuja kwenu
```

Anayetumia lancha nyingine huenda asiikute hapo, kwa sababu nyingi zina folda ya mchezo ya peke yake.

Jina `latest.log` halidumu. Ukiwasha mchezo upya, faili la zamani hubanwa na kupewa tarehe, kwa mfano `2024-03-09-2.log.gz`. Ile 2 ni namba ya mfuatano kwa siku hiyo. Wengi hufungua `latest.log` kesho yake, hawaoni kitu, wakadhani yamefutika. Yamo kwenye lile la `.gz`, 7-Zip inalifungua.

Sasa saa, maana hapo ndipo nilipoumbuka. Kijana mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba ametishiwa "jana saa tatu usiku". Nikaenda kwenye logi za seva nikatafuta 21:00, patupu. Nikamjibu, kwa kujiamini kabisa, kwamba hakuna kitu. Akanitumia faili lake: 21:14:07, maneno yapo. Seva yetu ilikuwa inahesabu UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kwangu tukio lilikuwa 18:14:07. Nilipotafuta hapo nikalikuta, neno kwa neno. Tangu siku hiyo siulizi saa, naomba mstari wenyewe, halafu natoa saa tatu.

Kulinganisha huko si hiari. Faili la mchezaji ni maandishi matupu. Mtu mwenye Notepad anaweza kumtia mwenzake maneno mdomoni kwa dakika moja. Logi ya seva ndiyo inayoamua, la mlalamikaji linakuonyesha pa kutazama. Wala halifanyi kazi kwa Mojang: ripoti ya ndani ya mchezo, iliyoingia na toleo la 1.19.1 mwaka 2022, hutaka uchague ujumbe palepale kwenye chati ya mchezo, haina mahali pa kupachika faili.

Na usiombe faili zima litupwe kwenye kikundi. Lina minong'ono yake ya siri na anwani za seva alizoingia, na mara nyingine njia za folda zenye jina lake la Windows. Aweke nakala isiyoguswa kwake, wewe akutumie kwa faragha mistari ya tukio, na kama kumi ya kabla yake. Mara nyingi hiyo kumi ndiyo inayoonyesha nani alianza.